Taa ya nje imeandikwa IP65, mbona ina maji ndani?

Mama mkwe wangu anakaa Uyole, Mbeya, nyumba imeangalia barabara ya vumbi, na Desemba iliyopita akanipigia simu asubuhi mapema kabla hata sijanywa chai. "Baba, njoo uone, ile taa uliyonifungia imejaa maji kama glasi." Nikambishia kidogo, nikamwambia mama hiyo haiwezekani, ile taa ni IP65, nimeinunua mwenyewe Mwanjelwa na boksi limeandikwa. Akaniambia njoo na hilo boksi lako. Nilipofika nikakuta maji ya kimo cha vidole viwili yametulia chini ya kioo, kumbikumbi watatu wanaelea juu yake, na taa bado inawaka! Jioni mvua ilivyorudi breka ikakata nyumba nzima.

Mimi kazi yangu ni kufunga umeme, na sikuwa nimeibiwa. Ile taa ilikuwa IP65 kweli kabisa. Kosa lilikuwa langu, na nimeona mafundi wengi na wenye nyumba wengi huku kwetu wanalirudia, ndo maana naandika. Ile namba inamaanisha kitu fulani tu, tena ina masharti, na masharti yake ni rahisi kuyavunja kwa drili na kisu.

Tuanze na kuisoma. IP ni alama ya kinga, inasema kitu gani hakiingii ndani ya taa. Inafuatwa na tarakimu mbili, na lazima uzisome moja moja, siyo "sitini na tano" ila "sita, tano". Ya kwanza ni vitu vikavu, yaani vidole, waya, wadudu, vumbi. Ya pili ni maji. Utaratibu wote umeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa kinaitwa IEC 60529, kwa hiyo taa iliyotengenezwa China na iliyotengenezwa Italia zikiandikwa IP54 zinadai kitu kilekile. Tarakimu ya kwanza inaishia 6. Ukiona 2 maana yake kidole chako hakigusi umeme, basi, mende anapita. Ukiona 4 maana yake hata waya mwembamba wa milimita 1 hauingii, ila vumbi linaingia na sisimizi wadogo wale nao wanaingia. 5 inaruhusu vumbi kidogo lisiloharibu kazi. 6 ndo vumbi haliingii kabisa.

Upande wa maji watu wengi wanadhani ni kama daraja la shule, namba ikipanda ndo kila kitu kimeongezeka. Siyo hivyo. 3 ni maji ya kunyunyiza kutoka juu mpaka kuinama nyuzi 60 toka wima. 4 ni kurushiwa maji kutoka pande zote, hata kutoka chini. 5 ni mpira wa maji wenye tundu la milimita 6.3 unaotoa lita 12.5 kwa dakika, wanasimama umbali wa mita mbili na nusu hadi tatu wanaipiga taa kwa dakika zisizopungua 3. Hiyo ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika moja na nusu hivi, unaweza kupata picha ya nguvu yake. 6 ni mpira mkubwa zaidi, lita 100 kwa dakika, ndoo ileile inajaa kwa sekunde 12. Halafu 7 na 8 ni kuzamishwa, 7 ni kina cha mita 1 kwa nusu saa. Hapo sasa ndo ngazi inakatika, kwa sababu kitu cha IP67 hakijaahidi kwamba kinavumilia mpira wa maji, kimeahidi kuzama tu. Kama kinaweza vyote wanaandika vyote viwili, IP65/IP67. Kwa hiyo ukiona taa ya sola ya bei ya kutupa imeandikwa IP67 usidhani imeizidi IP65 kwenye mvua ya upepo, ni mtihani mwingine huo.

Ukikuta herufi X, mfano IPX4, maana yake upande huo hawakuupima au hawakuutaja, siyo sifuri. Na taa ambayo haina namba yoyote mwilini mwake ichukulie ni IP20, taa ya sebuleni, kwa sababu taa za kawaida za ndani hazilazimiki kuandikwa. Angalia mwilini mwa taa, nyuma au ubavuni, siyo kwenye boksi peke yake. Boksi linachapishwa popote.

Sasa kuna sentensi mbili kwenye huo utaratibu ambazo ukizielewa umeelewa karibu kila kitu. Kwanza, mtihani wa maji hausemi hakuna tone litakaloingia, unasema maji yakiingia yasilete madhara, yasifike penye umeme. Ndo maana kuna taa zenye kitundu chini kabisa cha kutolea maji na bado ni IP44 halali. Pili, taa inapimwa ikiwa mpya, imefungwa vile kiwanda kilivyoelekeza, waya umepita pale ulipopangiwa na mpira wake umekaa. Jua la miaka mitatu halimo kwenye mtihani, ukuta wa tofali uliopindapinda haumo, na fundi mwenye haraka hayumo.

Turudi kwa mama. Nilishusha taa nikaifungua kwenye meza. Gasketi, ule mpira unaozunguka kioo, ulikuwa mzima, hauna alama ya maji hata moja. Kioo hakina ufa. Nikageuza nyuma ndo nikaona aibu yangu. Pale waya unapoingilia kiwanda kiliweka kizibo cha mpira chenye ngozi nyembamba katikati, unatakiwa ukitoboe tundu dogo kuliko waya halafu uusukume waya upite kwa kubanwa, mpira unaukumbatia. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, giza linaingia, nikakichana kwa kisu msalaba. Juu ya hapo nilipitisha waya ule bapa tunaotumia ndani ya nyumba, wenye nyaya mbili na erthi kwenye ganda moja, na kitu bapa kwenye tundu la duara kinaacha uwazi pande mbili hata ukikaze vipi. Hata ungeweka glendi nzuri, ile ya kubana waya inayokazwa kwa spana, bado, kwa sababu glendi inabana kitu cha mviringo.

Mchirizi wa udongo mwekundu ulionyesha njia yenyewe. Maji yanagonga ukuta juu ya taa, yanateremka kwenye plasta, yanakuta mgongo wa taa haujalala vizuri kwa sababu plasta ina mabonde, yanaingia nyuma, yanaufuata waya na kuingia ndani kupitia ule msalaba wangu. Uso wa taa ulikuwa IP65 na mgongo wake haukuwa na namba yoyote.

Ila hilo halitoshi kueleza maji ya vidole viwili, na hapa ndo huku kwetu milimani tuna shida ambayo mtu wa Dar haioni sana. Taa inapumua. Ikiwaka, hewa iliyo ndani inapata joto inatanuka na kutoka pole pole kwenye kila upenyo. Ikizimwa, au ikipigwa na mvua ya baridi ghafla, hewa inasinyaa na taa inavuta. Chukua taa yenye lita 1 ya hewa ndani, usiku wa Uyole uko nyuzi 12, taa ikiwaka mle ndani inafika 50. Hewa imetanuka kama asilimia 13, yaani mililita 130 zimetoka nje. Ikipoa mililita 130 zinarudi. Kama muda huo kwenye upenyo kuna hewa, inavuta hewa, na hewa ya usiku wa mvua ina unyevu unaogeuka matone kwenye kioo. Kama kwenye upenyo kuna maji yanayoteremka, inavuta maji. Kila jioni kidogo, kila usiku kidogo, na gasketi nzima iliyobana vizuri upande wa mbele inazuia yasitoke. Kwa hiyo taa iliyofungwa vibaya nyuma na vizuri mbele inageuka pampu ya kuingiza. Kuna siku bora hata ingekuwa na kitundu.

Kuna njia nyingine ya unyevu ambayo watu hawaiwazii, ni ile paipu iliyozikwa ukutani inayoshuka kutoka darini. Jiko la mama liko upande ule, mvuke wa maharage unapanda darini, unashuka kwenye paipu mpaka mgongoni mwa taa, unakutana na bati la taa la baridi, unageuka maji. Mvua haijanyesha lakini kioo kina ukungu. Ukiona taa ina ukungu asubuhi ya Julai wakati hata mawingu hayajaonekana wiki tatu, usihangaike na silikoni ya nje, nenda kaizibe ile paipu mdomoni.

Hivi, unajuaje ni lipi kati ya hayo? Angalia alama. Ukungu mwembamba unaotoweka jua likipanda na haurudi mpaka kesho yake, huo ni unyevu wa kupumua, kwa taa nzima unaweza kuuacha. Matone makubwa yaliyojikusanya chini pamoja na mchirizi wa udongo, hayo ni maji yameingia kwa njia, itafute. Kijani kwenye shaba za skrubu za kufungia waya ni maji ya siku nyingi. Na breka inayokata mvua ikinyesha tu halafu kesho mchana ikirudishwa inakaa, usiendelee kuirudisha, zima laini ya taa za nje mpaka ifunguliwe, kwa sababu umeme umeshapata njia ya kwenda ukutani.

Nilivyomaliza kujilaumu nikaamua nimpangie mama upya taa zote tatu za nje, na hapo nikatumia kitu ambacho nashauri kila mtu afanye kabla hajaenda dukani, ni kamba tu. Shika ncha moja kwenye ukingo wa bati pale mvua inapodondokea, ncha nyingine pale taa itakapokaa. Mlalo wa hiyo kamba unakuambia mvua lazima iiname kiasi gani ndo iiguse taa.

Taa ya mlangoni kwa mama iko ndani ya kibaraza, toka ukingo wa bati mpaka ukutani ni mita 1.2, na taa iko sentimita 50 tu chini ya usawa wa ukingo. Mvua lazima iiname nyuzi karibu 67 toka wima ndo iifikie. Hiyo ni mvua inayokaribia kutembea mlalo, hata Uyole haiji hivyo kila wiki. Pale kinachoifikia taa ni mirusho ya maji yanayogonga sakafu na ukungu, kwa hiyo IP44 inatosha upande wa maji, na wanaouza IP65 kwa sehemu kama hiyo wanakuuzia kitu usichokihitaji.

Taa ya pili iko kwenye nguzo ya kibaraza. Bati linatoka nje ya nguzo sentimita 40 tu na taa iko sentimita 80 chini yake. Kamba inasema nyuzi 27. Mvua yoyote yenye upepo kidogo inaiosha. Ya tatu iko ukuta wa pembeni, ule wenye pembetatu ya paa, huko hakuna bati la maana juu yake, inapigwa na mvua ya juu, ya ubavu, na maji yote ya ukuta yanaipitia. Ndo ile iliyojaa. Hizi mbili ndo za IP65, au IP54 kwa shida sana ile ya nguzo.

Mpaka hapo nimeongelea maji tu, ila huku maji ni nusu ya mwaka. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni vumbi, na mtu wa Makambako anajua upepo unavyolipeleka. Mama yuko mita kama 15 toka barabarani, malori ya viazi yanapita. Nilifungua ile taa yake ya zamani ya mlangoni, IP44, nikakuta ndani unga mwekundu laini umelala juu ya holda na kwenye skrubu za waya. Ukiwa mkavu haudhuru sana, unapunguza mwanga tu. Novemba unyevu unapoingia ule unga unakuwa tope jembamba, na tope linapitisha umeme kidogo kidogo kati ya skrubu na skrubu, plastiki inaanza kuwa na mstari mweusi wa kuungua. Kwa hiyo pale mlangoni, ingawa maji yalisema 44 inatosha, vumbi likasema hapana, nikaweka IP54. Ungekuwa kwenye lami au ndani ya uzio wenye nyasi ningeiacha 44. Mtu anayenunua kwa kuangalia tarakimu ya mwisho tu hawezi kufika kwenye uamuzi huo.

Zile taa za kisasa zinazomwaga mwanga juu na chini ukutani zina kesi yake. Kioo cha juu ni kisahani, maji yanatulia pale, vumbi linatulia pale, na jua linaupika ule mpira. Zipo nzuri. Ila kuna zile za upande mmoja, zimetengenezwa ziangalie chini, fundi anazigeuza ziangalie juu kwa sababu mwenye nyumba kaona picha. Ukigeuza umefuta namba. Ile IP ilipimwa ikiwa imeangalia chini, na kama ina kitundu cha kutolea maji sasa kimekuwa mlango wa kuingizia.

Kufunga nilifunga hivi. Nilizima meni swichi, siyo swichi ya taa peke yake. Mdomo wa paipu nikauziba na silikoni kuzunguka waya. Kipande cha mwisho cha waya nikabadilisha nikaweka wa mviringo wenye erthi ndani, nikauunga na ule bapa ndani ya boksi la kuungia huko darini pakavu, halafu kizibo cha mpira nikakitoboa kwa msumari mwembamba na siyo kisu. Waya kabla ya kuingia kwenye taa ukae umeshuka chini kidogo ndo upande kuingia, ile tumbo inadondosha maji yasifuate waya. Plasta nyuma ya taa nikaisugua kwa msasa mpaka ikawa tambarare.

Halafu silikoni ya kuzunguka taa, juu na pembeni mbili. Chini nikaacha wazi kama sentimita 3. Mama akaniuliza kwa nini sijamaliza, nikamwambia hapo ndo mlango wa maji kutokea, ukiziba pande zote nne yale yatakayopenya yanakaa nyuma ya taa mwaka mzima. Na hiyo silikoni yenyewe, ile inayonuka siki kali ukiifungua, usiipake karibu na shaba, ile siki yake inakula nyaya kabla haijakauka. Iko isiyonuka siki, ulizia hiyo, bei inazidi kidogo.

Kabla ya kuzipandisha nilizifanyia mtihani wa nyumbani ambao hauwezi kuitwa IP lakini umeshanirudishia taa dukani mara mbili. Taa haijaungwa kwenye umeme kabisa. Ndani nikaweka tishu mbili, moja chini, moja karibu na waya unapoingia, nikafunga kioo, nikaibana kwenye ubao uliosimama kama itakavyokaa ukutani, kipande cha waya kikiwa kimepita kwenye kizibo chake. Kijana wa mama akachukua keni ya kumwagilia mchicha akaimwagia dakika tano, juu, ubavu huu, ubavu ule, mpaka kutoka chini. Tukaikausha nje kwa kitambaa vizuri ndo tukafungua, maana ukifungua ikiwa imelowa maji ya nje yanaingia unailaumu taa bure. Mbili zikawa kavu. Ya tatu tishu ya chini ilikuwa na doa la ukubwa wa shilingi mia. Nikaikagua, kumbe gasketi ilikuwa imejikunja pale kwenye kona, nikainyoosha, tukarudia, kavu.

Hiyo gasketi ndo itakayokuwa ya kwanza kufa. Kila unapobadilisha balbu ipitishe kidole, ikiwa imekuwa ngumu kama plastiki au imebaki na bonde lisilonyanyuka, ile 65 haipo tena. Mama nimemwachia kazi moja tu, kila kumbikumbi wakishapita azime taa, achukue kijiti cha meno azibue kile kitundu cha chini cha taa ya mlangoni, maana mabawa yao yanakiziba kuliko tope. Wiki iliyopita kanipigia tena, nikashtuka. Alikuwa anauliza kama ile ya nguzo anaweza kuihamishia bandani kwa kuku.